Kitanda cha wodini si darasa: mleteeni hadithi

SEHEMU YA 1

 Ninyi akina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu, nawaona, karibuni, kwa sababu leo nina maneno na ninyi hasa.

Leo siongelei chanjo wala kunyonyesha. Naongelea ule mfuko mnaomletea mgonjwa. Chupa ya chai sawa, kanga mbili sawa, sabuni, ndoo, karatasi za chooni, yote sawa. Halafu mkono unaingia chini kabisa ya mfuko na kutoa KITABU. Hapo ndipo huwa napata hasira, na nimezivumilia kwa miaka kadhaa sasa, basi leo nazitoa.

Kwa nini hasira? Kwa sababu karibu kila mara ni kitabu kisichofaa. Si kwamba ni kibaya. Kingemfaa mtu mzima wa afya aliyekaa mezani na kikombe cha kahawa. Mwenye kanula mkononi na damu iliyopungua hakimfai.

Niwape mfano mmoja, nitakwenda nao mpaka mwisho. Mama mmoja, simtaji jina, tumwite dada wa dirishani kwa sababu kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Mimba ya wiki 30, mtoto wa pili. Alikuja usiku anatoka damu bila maumivu yoyote. Ultrasaundi ikaonyesha kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Damu ikasimama, mtoto anacheza vizuri, mama anacheka. Daktari akamwambia hurudi nyumbani, utakaa hapa mpaka tukuzalishe kwa upasuaji, kama wiki 6 hivi. Nyumbani kwake ni mbali, usafiri wa usiku ni wa kubahatisha, na kondo la namna ile linaweza kumwaga damu tena ghafla, nyingi, bila kukutumia taarifa.

Kesho yake mume akaja. Shemeji mzuri tu, anampenda mkewe. Akatoa vitabu viwili. Cha kwanza ni kitabu cha Kiingereza cha ujauzito na malezi, kinene kama tofali, zaidi ya kurasa 500. Cha pili ni cha mafanikio, kile cha kukufundisha kuamka saa 10 alfajiri ili uwapite wenzako maishani. Akamwambia mbele yangu: "Sasa umepata muda, mke wangu. Utumie vizuri."

Jamani. Mtu tumemwambia asinyanyue hata ndoo ya maji, wewe unamletea kitabu cha kuamka saa 10!

Ule usemi wa "umepata muda" ndio ugomvi wangu wote. Mgonjwa wa siku nyingi ana muda, ni kweli, ana muda mpaka unamchosha. Alichokosa ni nguvu. Mnachanganya vitu viwili hivyo, halafu mnamletea kazi mkidhani mmemletea zawadi.

SEHEMU YA 2

Watu wanadhani mwenye kulala kitandani anapumzika. Njooni mlale wodini siku moja muone. Usiku tunamwamsha kupima presha na mapigo, na kusikiliza mtoto. Kitanda cha pili mtu anaumwa uchungu. Taa haizimwi yote. Alfajiri wafanya usafi wanaingia na ndoo, saa 3 asubuhi raundi ya madaktari, saa 6 wageni. Katikati ya hapo kuna sindano, vidonge na chakula.

Huyu dada damu yake ilikuwa 8. Kwa mjamzito tunataka angalau 11. Damu ikiwa chini hivyo mtu hachoki miguu tu, akili nayo inachoka. Anasoma mstari, anafika mwisho, mwanzo umeshapotea. Anarudia. Mara ya tatu anafunga kitabu na kujiona mjinga. Mimi nimewakuta wanalia, wasomi wenye vyeti vyao, eti "nesi, nimekuwa bwege, sielewi kitu." Hujawa bwege, mama. Una upungufu wa damu na umelala saa 4 kwa vipande vipande.

Niliwahi kumtazama bila yeye kujua, nikahesabu. Baada ya uji, kama saa 4 asubuhi, raundi imepita, alikuwa na dakika 15 nzuri, pengine 20. Jioni baada ya wageni, dakika 10 nyingine. Basi. Hiyo ndiyo akiba yake ya siku nzima ya kusoma, kurasa 6 asubuhi na 3 au 4 jioni. Chukua kurasa 500 ugawe kwa 10, utapata siku 50. Atajifungua hajamaliza, na katika siku zote hizo kile kitabu kiko pale juu ya kabati kinamtazama.

Na afadhali angekisoma kwa mpangilio. Unajua alifungua wapi? Sura ya kutoka damu. Saa 7 usiku. Akaniita anatetemeka, mapigo ya moyo juu, anauliza kama mtoto yuko hai. Nikasikiliza mtoto, yuko salama, nikakaa naye nusu saa. Kitabu kilisema kweli, sikatai. Lakini maswali ya ugonjwa wake aniulize mimi na daktari wake tunaomjua, mchana, si kurasa zinazomwambia yote yanayoweza kumpata mwanamke yeyote duniani.

Kile kitabu nilikihamishia chini ya kitanda siku ile ile. Cha mafanikio nilimrudishia shemeji mkononi. Alinuna. Akanuna zaidi aliponiuliza alete nini badala yake nikamwambia: hadithi.

"Hadithi za kitoto?"

Hadithi, shemeji. Wauaji, majini, wapelelezi, watu wajanja. Akanitazama kama nimemwambia alete karata.

Hapo ndipo penyewe. Familia zetu zimefundishwa kwamba kitabu lazima kikufundishe kitu, la sivyo ni upuuzi. Riwaya ya kipelelezi inafichwa chini ya godoro. Hata mwenzangu mmoja kazini aliniambia hapa ni hospitali, si maktaba. Nikamjibu kwamba vidonge vya kuongeza damu tunampa, lakini zile saa nyingine zote za mchana hatujampa kitu, na ni saa hizo ndizo zinazomfanya atafute viatu vyake chini ya kitanda.

Maana wapo wanaotafuta viatu. Nilishuhudia mama mwenye shida ile ile ya kondo akisaini kuondoka kinyume na ushauri wa daktari, wiki ya 32. Sababu alizotoa zilikuwa mbili, watoto nyumbani hawana mtu, na "nimechoka kutazama dari." Alirudi usiku mwingine akiwa amelowa damu mpaka kwenye soksi. Alipona, mtoto pia, ila tulimwongezea chupa 4 za damu. Sitawadanganya kwamba kitabu kingemzuia. Watoto wasio na mtu wa kuwaangalia hawatatuliwi na riwaya, hilo ni la wifi, mama mkwe na majirani. Lakini ile sababu ya pili, ya dari, ile ilikuwa na dawa na hatukuitoa.

SEHEMU YA 3

Sasa kitabu chepesi ni kipi? Maana mmeanza kunitumia majina, na mengine yananitisha.

Kwanza uzito wenyewe, wa mizani. Mama mwenye mimba kubwa analala kwa ubavu, mara nyingi wa kushoto. Mkono mmoja umelaliwa au una kanula. Kwa hiyo kitabu kinashikwa kwa mkono mmoja. Kabla hujalipa dukani, kishike kwa mkono mmoja, kifungue katikati, kiinue usawa wa uso, uhesabu mpaka 200 polepole. Mkono ukianza kutetemeka kabla hujafika, kirudishe. Cha jalada laini chenye kurasa kama 150 kina uzito wa gramu 200 hivi, na hicho kinafaa. Angalia pia kama kinakaa wazi au kinajifunga chenyewe, na herufi zisiwe zile za kufifia za kukodolea macho.

Ukiwa na hadithi nzuri lakini ni nene, chukua kisu, ikate mgongo sehemu tatu, kila sehemu ipige pini na karatasi ngumu nje. Walimu wa fasihi mtanisamehe. Kitabu kizima kisichosomwa hakina faida kuliko kilichokatwa kikasomwa.

Lakini msidanganyike na wembamba. Nagona na Mzingile vya Euphrase Kezilahabi ni vitabu vyembamba sana, na ni vizito kama jiwe la kusagia. Mtu mwenye damu 8 ukimpa Nagona umemwonea. Rosa Mistika wa huyo huyo Kezilahabi anasomeka haraka, kweli, lakini mhusika wake anajiua mwishoni. Siku Njema ya Ken Walibora ni tamu mno, naipenda, ila mama wa kijana yule anafariki mapema na kumwacha mtoto peke yake. Mwanamke aliyelala akihesabu kama atawaona wanawe hahitaji hicho wiki hii. Kwa hiyo wewe unayeleta, KISOME KWANZA. Au angalau uulize aliyesoma: kuna mama anayekufa humo? Kuna mtoto anayekufa? Maiti ya tajiri iliyokutwa chumbani haina neno, wagonjwa wangu wanaipenda sana. Maiti ya mzazi hapana.

Jambo la pili ni kamba. Hadithi lazima iwe na kamba moja ya kushika, swali moja ambalo mtu akilala nalo usiku ataamka nalo. Si mafumbo, si hotuba, si kurudi nyuma miaka 30 kila sura. Na igawanyike vipande vifupi, ili akikatizwa na sindano asiwe amepoteza njia.

Dada wa dirishani nilimwanzishia Hekaya za Abunuwasi. Vile visa vya kurasa mbili tatu, unaanza na kumaliza kabla dripu haijabadilishwa. Kwa wiki ya kwanza, mtu bado ana hofu na usingizi hauna mpango, huwezi kumpa zaidi ya hapo. Faida yake kubwa ni kwamba ANAMALIZA. Mtu aliyejiona bwege kwa kushindwa kitabu cha kurasa 500 amemaliza kisa kizima, amecheka, amegeukia ukuta akalala.

Wiki ya pili nikampa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Ndiyo, najua, mlikisoma shule mkaambiwa mtaje maudhui. Sahauni maudhui. Mwanzoni tu kuna liwali mwema, mpole, anayependwa na watu, na kila usiku anawapiga viboko manyani wawili. Kwa nini? Hilo ndilo swali, na ukishaliona huwezi kukiacha. Kiswahili chake kina maneno ya zamani, ila ni kile kinachopendeza kikisomwa kwa sauti, na hapo ndipo jambo lililonishangaza lilipotokea. Nitalisema sehemu inayofuata, chakula kinaungua.

SEHEMU YA 4

Nimerudi. Ugali umeungua kidogo, tumekula.

Siku moja jioni, saa ya wageni, dada alikuwa amechoka kuliko kawaida. Shemeji kakaa kwenye benchi, hana la kusema. Mnajua wanaume wodini, wakishauliza "umekula?" maneno yamekwisha. Nikamwambia, shemeji, msomee. Akaona aibu. Akaanza kwa sauti ya chini kama anasoma risiti. Baada ya ukurasa mmoja sauti ikapanda. Alipokata ili aondoke, mama wa kitanda cha kona, ambaye hakuwahi kusema neno na yeyote tangu alazwe, akauliza: "Baba, na wale manyani ikawaje?"

Kesho yake vitanda sita vyote vilimsubiri. Wawili kati yao hawakujua kusoma kabisa. Akasoma dakika 15, si zaidi, maana nilimwekea saa. Kile kitabu kiliisha siku 8.

Kwa hiyo mkiniambia mgonjwa wenu hasomi, au macho yanamchosha, au hakupata shule, jibu ni hilo. Dakika 15 za kusomewa ni bora kuliko saa 2 za kukaa kando ya kitanda mkitazamana. Na siku baba haji, arekodi sura moja kwa voisi ya wasapu, amtumie, asikilize kwa hedifoni.

Mtauliza, si atumie simu hiyo hiyo kusoma, ya nini makaratasi? Wodi yetu ina soketi 3 kwa vitanda 12, na simu za wagonjwa zinaibiwa. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba simu haikuachii. Unafungua hadithi, juu inashuka taarifa: gesi imeisha, ada haijalipwa, wifi kasema hivi, na fulani amejifungua mtoto kafariki. Nimewaona wakishika simu saa 3 mfululizo, wakaiweka chini wamechoka kuliko walipoishika, na hawawezi kukuambia walichosoma. Simu kwa kusikiliza sauti, ndiyo. Kwa kusoma, mimi nasema karatasi.

Wiki ya 33 damu ikatoka tena. Si nyingi kama mara ya kwanza, ila ilitosha kuturudisha wote mbio. Siku 4 hakushika kitabu, na wala hatukumwambia ashike. Hapa niseme wazi wanaukoo wanielewe: kabla ya kitabu ni damu. Watu wawili watatu wa familia waende wakachangie damu mapema, mgonjwa angali mzima, si siku ya kukimbizana. Mkishatoka huko ndipo mpite kwa muuza vitabu.

Wakati ule alikuwa katikati ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, ile ya mpelelezi Willy Gamba. Alipopata nafuu akakifungua, hamjui nani ni nani. Hapa wengi ndipo wanapoacha kitabu moja kwa moja, wanaona aibu kuanza upya. Lakini yeye alikuwa na desturi ya kumsimulia mumewe kila jioni alipofikia. Kwa hiyo mume ndiye akawa kumbukumbu yake. Akamwambia: huyu ni fulani, yule mlimshuku, mliishia pale. Dakika 5, amerudi ndani ya hadithi. Tangu hapo nawaambia familia zote wamuulize mgonjwa kila jioni alipofikia. Ni swali zuri kuliko "umekula?", na siku atakapopotea, kuna mtu anayeijua njia.

Na kuhusu Willy Gamba, najua kuna wanaomkunjia pua. Mnasema ni vitabu vya vijiweni, ngumi na risasi. Sawa. Lakini sura zake zinakimbia, kila sura inakuachia jambo la kutaka kujua, na hakuna sentensi inayomtaka mgonjwa airudie mara mbili. Mtu anayeweza kuandika hivyo amemfanyia mgonjwa wangu kazi ambayo mwandishi wa maana zaidi hakuweza. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, nayo ni ya ukoo huo. Hizi zimechapwa zamani na madukani zinapatikana kwa shida, ila wauza vitabu vya mitumba wanazo, na wazee wengi wanazo kabatini. Waulizeni babu zenu, mtashangaa. Maktaba ya mkoa pia, mwenye uanachama anaazima.

SEHEMU YA 5, YA MWISHO

Mambo machache ya kinesi, halafu nawaachia.

Kitabu kivalishwe jalada la nailoni kama daftari la shule, ili niweze kukifuta kwa spiriti. Kisiwekwe sakafuni. Kama mgonjwa yuko chumba cha kutengwa kwa ugonjwa wa kuambukiza, kuleni hasara: mpeni kitabu msichotegemea kukirudisha nyumbani, na muulize nesi wa pale kabla ya kukiingiza.

Kila akimaliza sura ainuke. Kama daktari amemruhusu kutembea, aende mpaka dirishani na kurudi. Kama hajamruhusu, azungushe vifundo vya miguu na kukunja vidole mara 20. Hadithi nzuri inamlaza mtu mkao mmoja saa nzima, na kwa mjamzito damu kuganda miguuni si jambo la mzaha. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, atuambie.

Usiku kitabu kifungwe saa 3. Hapa ndipo riwaya ya kipelelezi inapokuwa adui, kwa sababu anataka sura moja tu, moja tu, na tochi ya simu inammulika jirani aliyejifungua leo.

Na hili naomba mlishike, hasa wenye presha ya ujauzito. Mama akikuambia herufi zinacheza, au anaona vimulimuli, au anaona ukungu kwenye ukurasa, au kichwa kinamgonga, MSIDHANI NI KITABU. Msimwambie "umesoma sana, pumzisha macho." Inaweza kuwa presha imepanda na kifafa cha mimba kiko njiani. Mwiteni nesi papo hapo. Nilishamkuta mama anabadilisha miwani na jirani yake, wanacheka, na presha yake ilikuwa 170 kwa 115.

Dada wa dirishani kitabu chake cha mwisho kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Ni Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Hicho sikumpa mwanzoni kwa makusudi. Kina majina mengi, na fulani ni mtoto wa fulani kwa mke yupi, mtu anahitaji kichwa kilichotulia. Kufikia wiki ya 35 damu yake ilikuwa imepanda mpaka 10, analala vizuri zaidi, dakika zake za asubuhi zimekuwa 30. Hata hivyo tuliandika majina kwenye karatasi, nani kamzaa nani, tukaibandika ndani ya jalada. Kila mgonjwa anayekisoma sasa anaongeza lake, wengine wameandika na wanaowashuku.

Alifanyiwa upasuaji wiki ya 36 ilipotimia. Mtoto wa kike, kilo 2.6, amelia mwenyewe. Kurasa kama 20 za mwisho hakuzimaliza, aliondoka na kitabu changu bila kuniambia.

Siku ya 42 alikuja kliniki. Kabla hajanionyesha mtoto akaniambia muuaji alimjua tangu wiki ya kwanza, akanitajia. Sikumjibu kama amepata au amekosa, maana nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na ambao hawajasoma. Nikamwambia tu anirudishie kitabu, kitanda cha dirishani kina mtu mwingine, wiki ya 31, na mumewe amemletea kitabu cha kodi na biashara.